Ujumbe wa Kukabidhi Kazi kabla ya Likizo: Kitenzi, Mtenda na Wakati

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza njeo na hali, kauli ya kutendwa na dhamira tegemezi, kila kipengele peke yake. Katika somo hili tutaviona vipengele hivyo vikifanya kazi pamoja ndani ya maandishi mafupi ambayo kila mwalimu atayaandika mara nyingi maishani: ujumbe anaowaachia wenzake anapokwenda likizo. Tumeuchagua ujumbe huu kwa sababu ndani yake kosa la kitenzi halionekani kuwa kosa. Sentensi huwa sanifu, viambishi vya upatanisho hukaa mahali pake, na hata hivyo alama za wanafunzi hukosekana siku ya mkutano wa wazazi kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo ni yake.

Tutatumia mfano wa shule ya sekondari nchini Uganda. Mwandishi ni Mwalimu Apio, anayekwenda likizo ya uzazi; majina yote katika somo hili ni ya kubuni. Soma kwanza rasimu yake.

"Walimu wenzangu, nawajulisha kwamba kuanzia wiki ijayo nitakuwa katika likizo ya uzazi ya siku 60. Majaribio ya Kidato cha Pili yamesahihishwa, lakini alama hazijaingizwa zote. Zitaingizwa kabla ya mkutano wa wazazi. Vitabu vilivyoazimwa vinarudishwa. Kazi ya mradi ya Kidato cha Tatu inaendelea. Mwalimu Mugisha ataisimamia na Mwalimu Akello atamsaidia. Akimaliza atampa mwalimu wa taaluma ripoti. Kipindi cha saa mbili cha Kidato cha Kwanza kitashughulikiwa. Nitarudi siku zikiisha. Ahsanteni."

Ukiisahihisha rasimu hii kwa kalamu nyekundu kama insha ya mwanafunzi, hutapata pa kuweka alama ya kosa. Sasa jiweke mahali pa Mwalimu Akello, anayeisoma Jumatatu asubuhi akiwa ofisini na mwandishi hayupo. Je, yeye ana kazi gani leo?

Hali ya kazi: -me-, -ja- na -na-

Jambo la kwanza analohitaji mpokeaji ni kujua kazi imefikia wapi. Kiswahili kinatupa viambishi vinavyofaa sana kwa haja hiyo. Kiambishi -me- hueleza tendo lililokamilika ambalo matokeo yake bado yapo wakati wa kusema. "Nimesahihisha karatasi" humwambia mpokeaji kwamba karatasi zilizosahihishwa zipo na anaweza kuzichukua. "Nilisahihisha karatasi" hueleza tukio la wakati uliopita, wala haliahidi lolote kuhusu hali ya leo. Kwa hiyo katika ujumbe wa kukabidhi kazi, -me- ndiyo ibebe taarifa kuu, na -li- ibaki kwa historia pale inapohitajika: "Nilizigawa karatasi tarehe 26 Juni."

Upande wa ukanushi ndio wenye uzito zaidi. Linganisha sentensi hizi mbili:

Alama hizi sikuziingiza.
Alama hizi sijaziingiza.

Zote mbili zinasema kwamba alama hazimo kwenye rejista. Lakini ya kwanza inalifunga jambo: wakati wake ulipita, na halikufanyika. Ya pili inaliacha wazi: halijafanyika mpaka sasa, na bado linatarajiwa. Kiambishi -ja- kinabeba tarajio hilo ndani yake, ndiyo maana huenda vizuri na neno "bado". Mpokeaji akisoma "sikuziingiza" anaweza kudhani palikuwa na sababu ya kutoziingiza, labda majaribio yalifutwa. Akisoma "sijaziingiza" anaelewa kwamba kuna kazi inayosubiri mkono wa mtu. Kazi zote zilizobaki, basi, zitajwe kwa -ja-.

Hata hivyo rasimu ya Mwalimu Apio imetumia -ja-, na bado haieleweki. Tatizo liko kwenye neno "zote". "Alama hazijaingizwa zote" yaweza kumaanisha kwamba baadhi zimeingizwa na baadhi bado, na yaweza pia kumaanisha kwamba hakuna hata moja iliyoingizwa. Kulihamisha neno, tukasema "alama zote hazijaingizwa", kunaelekeza msomaji kwenye maana ya pili, lakini si wasomaji wote watakaoisoma hivyo. Ukanushi na neno la ujumla vikikutana katika sentensi moja, dawa yake ni kuvitenganisha na kutumia hesabu: "Nimeingiza alama za wanafunzi 41; za wanafunzi 22 sijaziingiza." Sentensi imekuwa mbili, na utata umekwisha.

Kiambishi -na- nacho kina hatari yake. "Vitabu vinarudishwa" husomeka kama tendo linaloendelea sasa hivi, na pia kama utaratibu wa kawaida, yaani wanafunzi huwa wanavirudisha wenyewe bila kuulizwa. Anayeichukua maana ya pili hatamfuata mwanafunzi yeyote. Vivyo hivyo "kazi ya mradi inaendelea" ni sentensi ambayo mtu angeweza kuiandika siku ya kwanza ya mradi na siku moja kabla haujakwisha. Haidanganyi, ila haisemi kitu.

Mtenda: kauli ya kutendwa na dhamira tegemezi

Kauli ya kutendwa ina mahali pake katika lugha rasmi. Hufaa pale mtenda asipojulikana au asipohitajika: "Shule ilijengwa mwaka 1964." Katika ujumbe wa kukabidhi kazi, mtenda ndiye anayetafutwa. "Zitaingizwa kabla ya mkutano wa wazazi": na nani? "Kitashughulikiwa": na nani? Mwandishi huchagua kauli hii mara nyingi kwa adabu, akiona haya kumpangia kazi mwenzake wa rika moja mbele ya wengine. Adabu hiyo ni njema, lakini ina gharama yake: kila msomaji wa "zitaingizwa" humwona mtu mwingine akiziingiza.

Njia ya kulinda adabu bila kumficha mtenda ni kuchagua kwa uangalifu umbo la kitenzi. Tazama sentensi hizi tatu:

Mwalimu Mugisha ataisimamia kazi ya mradi.
Mwalimu Mugisha amekubali kuisimamia kazi ya mradi.
Namwomba Mwalimu Mugisha aisimamie kazi ya mradi.

Sentensi ya kwanza ina kiambishi -ta- cha wakati ujao. Inatangaza, lakini haisemi kama mhusika mwenyewe ameulizwa. Mwalimu Mugisha akiisoma kwa mara ya kwanza ubaoni, ana haki ya kushangaa. Sentensi ya pili inaeleza makubaliano yaliyokwisha kufanyika. Hapa -me- imerudi na kazi yake ile ile ya kuonyesha matokeo yaliyopo. Sentensi ya tatu ina dhamira tegemezi, ambayo huonyeshwa na irabu -e mwishoni mwa kitenzi chenye asili ya Kibantu. Haidai kwamba jambo litatokea. Inalitaka litokee, na inamwachia mwombwa nafasi ya kujibu. Mwandishi atumie umbo la pili pale alipokwisha kuzungumza na mwenzake, na la tatu pale ambapo bado. Akizichanganya, mkuu wa idara hatajua ni kazi zipi zina mwenyewe na zipi zinamsubiri yeye aamue.

Zipo pia kazi ambazo hadi siku ya mwisho hazijapata mtu. Hizo zisifunikwe kwa "zitashughulikiwa". Ziandikwe waziwazi: "Kazi hii haijapata mwalimu." Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi yenye manufaa kuliko zote katika ujumbe wa aina hii, na ndiyo inayoandikwa kwa nadra.

Kuna utata mwingine wa mtenda, unaotokana na kiambishi nafsi a-. Katika rasimu tumeambiwa kwamba Mugisha atausimamia mradi na Akello atamsaidia, "akimaliza atampa mwalimu wa taaluma ripoti". Nani akimaliza? Kiambishi a- chafaa kwa kila mtu wa nafsi ya tatu umoja, awe mwanamume au mwanamke, msimamizi au msaidizi. Katika masimulizi msomaji huongozwa na mtiririko wa hadithi. Katika makabidhiano hana hadithi ya kumwongoza. Walimu hufundisha, na kwa haki, kwamba kurudiarudia jina ni udhaifu wa insha. Hapa ni tofauti. Rudia jina: "Mwalimu Mugisha akimaliza, atampa mwalimu wa taaluma ripoti."

Kiambishi -wa- cha yambwa kina tabia inayofanana na hiyo. "Nimewaeleza kuhusu ripoti" yaweza kuwa nimewaeleza ninyi, walimu wenzangu, au nimewaeleza wao, wanafunzi. Kiambishi tamati -ni hutuondoa mashakani: "nimewaelezeni" ni ninyi. Kwa wao, taja nomino yenyewe: "nimewaeleza wanafunzi".

Wakati: saa, tarehe na hesabu ya siku

"Wiki ijayo" ina maana tu kwa anayejua ujumbe uliandikwa lini. Mwalimu aliyekuwa safarini, akausoma siku nne baadaye, ataihesabu kuanzia siku aliyousoma. Maneno ya aina hii, kama vile kesho, juzi, mwezi ujao na muhula huu, hushikamana na wakati wa kusema, na ujumbe ulioandikwa huishi zaidi ya wakati huo. Andika siku na tarehe kwa pamoja: Jumatatu tarehe 7 Julai. Zikiandikwa zote mbili, moja husahihisha nyingine pale kalamu inapoteleza.

"Kipindi cha saa mbili" kinaweza kuwa kipindi kinachoanza saa mbili, na kinaweza kuwa kipindi chenye urefu wa saa mbili. Tukiichukua maana ya kwanza, bado kuna jambo. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko, kama ilivyo pia katika Luganda, ilhali ratiba za shule nyingi huchapwa kwa hesabu ya Kiingereza. Mwalimu aliyezoea kuisoma ratiba hiyo anaweza kuwaza 2:00 ya ratiba, ambayo kwa Kiswahili ni saa nane mchana. Kinachookoa hapa ni neno la sehemu ya siku. "Saa 2:00 asubuhi" haiwezi kuwa mchana kwa hesabu yoyote ile. Ongeza nambari ya kipindi kama ilivyo kwenye ratiba, kisha endelea. Hakuna haja ya kuandika saa kwa lugha mbili.

Sasa tuje kwenye "siku 60", ambapo rasimu imebeba hatari kubwa kuliko zote. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na angalau wiki nne kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Neno "za kazi" limeachwa katika rasimu, na kuachwa kwake kunabadilisha tarehe ya kurudi. Tufanye hesabu. Likizo inaanza Jumatatu tarehe 7 Julai. Tukihesabu siku zote, pamoja na Jumamosi na Jumapili, siku ya 60 ni tarehe 4 Septemba, na mwalimu angetarajiwa kazini tarehe 5. Tukihesabu siku za kazi, tano kwa wiki, siku 60 ni wiki 12 kamili. Kati ya tarehe hiyo ya Julai na mwisho wa Septemba hakuna sikukuu ya umma nchini Uganda ya kuongezwa, kwa hiyo likizo inakwisha Ijumaa tarehe 26 Septemba, na kazi inaanza tena Jumatatu tarehe 29. Tofauti ni zaidi ya wiki tatu, na zinaangukia mwanzoni mwa muhula wa tatu. Mwenzake aliyekubali kumshikia vipindi "siku 60" angeviacha tarehe 5 Septemba kwa nia njema kabisa, na darasa lingekaa bila mwalimu.

Mwanachuo anayesoma mifano ya barua kutoka Tanzania ajihadhari zaidi, kwani sheria ya huko inataja siku 84. Nambari ni kubwa zaidi, lakini siku 84 zikihesabiwa mfululizo ni wiki 12 vilevile. Ndiyo sababu nomino "siku" pekee haitoshi kuwa kipimo cha likizo. Taja aina ya siku ukipenda, lakini usikose kutaja siku ya mwisho ya likizo na siku ya kwanza ya kazi, kila moja kwa tarehe yake. Hii huondoa pia utata wa "hadi". Ukisema "nitakuwa likizoni hadi tarehe 29", wengine watakungoja asubuhi ya tarehe hiyo na wengine asubuhi ya tarehe 30.

Kitenzi "nitarudi" nacho hakitoshi, kwa sababu mtu anaweza kurudi mjini, kurudi nyumbani au kurudi kazini. Umbo linalofaa ni "nitaanza kazi tena". Na pale tunapotaka kueleza hali itakayokuwapo siku hiyo, kitenzi changamani kinatufaa: "Siku nitakapoanza kazi tena, muhula wa tatu utakuwa umeanza." Kitenzi kisaidizi -wa chenye -ta- kinaweka wakati, na kitenzi kikuu chenye -me- kinasema kwamba kufikia wakati huo tendo litakuwa limekamilika. Mwenzako akiisoma sentensi hiyo anajua kwamba wiki za kwanza za muhula ni jukumu lake.

Ujumbe ulioandikwa upya

"Alhamisi, tarehe 3 Julai.

Walimu wenzangu wa Idara ya Kiswahili,

Nitakuwa katika likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kuanzia Jumatatu tarehe 7 Julai. Siku ya mwisho ya likizo ni Ijumaa tarehe 26 Septemba; nitaanza kazi tena Jumatatu tarehe 29 Septemba. Siku hiyo muhula wa tatu utakuwa umeanza, kwa hiyo mipango iliyomo humu inahusu pia wiki za kwanza za muhula huo.

Majaribio ya Kidato cha Pili: nimesahihisha karatasi zote 63. Nimeingiza katika rejista alama za wanafunzi 41. Za wanafunzi 22 sijaziingiza. Karatasi zao zimo kwenye bahasha ya kaki, rafu ya juu ya kabati la idara. Mwalimu Akello amekubali kuziingiza, na atamaliza Jumatano tarehe 9 Julai, siku tatu kabla ya mkutano wa wazazi wa Jumamosi tarehe 12.

Vitabu vya hadithi: wanafunzi waliazima vitabu 48. Wamerudisha 31; vitabu 17 bado hawajavirudisha. Majina yao yamo kwenye daftari la maktaba ya idara. Mwalimu Akello atavikusanya, na ufunguo wa kabati nimekwisha kumpa.

Mradi wa Kidato cha Tatu: vikundi ni sita. Vikundi vinne vimewasilisha rasimu na nimezipitia. Kikundi cha pili na cha tano havijawasilisha. Mwalimu Mugisha amekubali kuusimamia mradi. Ripoti za mwisho Mwalimu Mugisha atampa mwalimu wa taaluma Ijumaa tarehe 8 Agosti.

Kidato cha Kwanza, Jumatatu na Alhamisi, kipindi cha kwanza, saa 2:00 asubuhi: vipindi hivi havijapata mwalimu. Nimemwomba Mwalimu Nakato avishike, naye hajajibu kwa kuwa yumo safarini. Namwomba mkuu wa idara aamue kabla ya Jumatatu tarehe 7 Julai. Tumefika somo la ngeli ya KI-VI. Andalio la masomo limo mezani kwangu.

Kwa jambo lolote linalohitaji uamuzi, tafadhali wasilianeni na mkuu wa idara. Likitokea swali ambalo jibu lake ninalo mimi peke yangu, nitumieni ujumbe wa maandishi, nami nitajibu nitakapopata nafasi. Ahsanteni sana kwa mzigo mliokubali kunipokea."

Linganisha urefu. Ujumbe huu ni mrefu kuliko rasimu, nao unapaswa kuwa hivyo. Angalia pia mahali ambapo kauli ya kutendwa haikutumika, na mahali ambapo -ta- imeruhusiwa: "atamaliza" na "atavikusanya" vinamfuata Mwalimu Akello, ambaye amekwisha kukubali na kupewa ufunguo. Neno "likitokea" katika aya ya mwisho lina kiambishi -ki- cha masharti, kinachoonyesha jambo linalowezekana kabisa. Kama mwandishi angesema "lingetokea swali, ningejibu", wenzake wangeelewa kwamba hategemei kuulizwa, na pengine hataki.

Sentensi ya "nitajibu nitakapopata nafasi" imewekwa kwa makusudi. Kirejeshi -po- cha wakati kinaahidi jibu bila kuahidi saa yake. Mama aliyejifungua juzi hawezi kuahidi zaidi, na wenzake wasipangie kazi yao juu ya jibu hilo.

Unapofundisha somo hili, wape wanafunzi rasimu ya kwanza kabla ya kuwaeleza lolote. Waambie wapige mstari chini ya kila kitenzi, kisha pembeni waandike jina la mtenda na tarehe. Palipobaki wazi pembeni ndipo penye kazi isiyo na mwenyewe. Zoezi hilo huchukua kama dakika kumi, na wanafunzi wengi huligundua tatizo la "zitaingizwa" bila kuambiwa.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "Sikumpa mkuu wa idara ripoti" na "Sijampa mkuu wa idara ripoti" kwa mwalimu anayepokea kazi.

2. Andika upya sentensi hii ili iondokane na utata wote uliomo: "Madaftari hayajakusanywa yote; Mwalimu Okello atamwona Mwalimu Babirye na atayakusanya wiki ijayo saa tatu."

3. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa baba likizo ya siku nne za kazi baada ya mkewe kujifungua. Mwalimu anaanza likizo hiyo Alhamisi tarehe 17 Julai. Taja siku ya mwisho ya likizo na siku ya kuanza kazi tena, kisha uandike ujumbe wa kukabidhi kazi mbili tu: moja ambayo mwenzake amekwisha kuikubali, na nyingine ambayo haijapata mtu.

4. Tafuta katika ujumbe ulioandikwa upya vitenzi vyote vyenye dhamira tegemezi. Kwa kila kimoja, eleza kama -ta- ingeweza kuchukua nafasi yake, na mpokeaji angeelewa nini.